Mashine inapokupongeza kwa kupoteza

*"Mtaalamu, shikamoo. Huwa nacheza sloti kwenye simu jioni. Najiona nashinda mara kwa mara, muziki unalia, sarafu zinaruka kwenye skrini, lakini nikija kuangalia salio, limepungua. Halafu zile alama tatu za jakpoti, kila siku zinakuja mbili na ya tatu inasimama pembeni kabisa ya mstari. Rafiki yangu anasema mashine ikianza kukaribia hivyo ujue imeiva, usiondoke. Ni kweli? Au naibiwa?"*

Marahaba. Nimjibu rafiki yako kwanza, maana jibu lake ni fupi. Mashine ya sloti haiivi. Kila unapobonyeza, programu inachukua namba mpya za nasibu, na namba hizo hazina habari na mzunguko uliopita. Uwe umekosa jakpoti kwa alama moja au umekosa kila kitu, nafasi yako kwenye mzunguko unaofuata ni ileile. Kuhusu kuibiwa, kama mchezo una leseni na umekaguliwa, hakuna mtu anayegeuza matokeo baada ya wewe kubonyeza. Ila hisia yako kwamba kuna kitu hakiko sawa ni ya haki kabisa. Hesabu za mchezo zinasema jambo moja, picha na sauti zinasema jingine, na aliyekaa mbele ya skrini anasikia zaidi lile la pili.

Umetaja mambo mawili, muziki wa ushindi na jakpoti inayokosekana chupuchupu. Watu huyachanganya, lakini yametengenezwa kwa njia tofauti, na ushahidi wa jinsi yanavyomgusa mchezaji hauna uzito sawa. Nitakaa zaidi kwenye muziki, kwa sababu huo ndio unaoeleza salio lako.

Mashine za zamani zilikuwa na mstari mmoja tu wa malipo, yaani mstari ambao alama zinazofanana zikijipanga juu yake unalipwa. Unatumbukiza sarafu, unavuta mkono, magurudumu matatu yanazunguka, yanasimama. Ama umepata, ama umekosa, na ukipata kwa kawaida unaondoka na zaidi ya ulichoweka. Kengele ikilia, imelia kwa sababu. Sloti za video zilibadilisha jambo hilo kwa kuongeza mistari. Skrini yako huenda ina kolamu tano na mistari 20 inayopita juu yake, mingine imenyooka, mingine inapanda na kushuka kama meno ya msumeno. Kila mstari unalipiwa dau lake. Ukiweka krediti 1 kwa mstari, mzunguko mmoja umekugharimu krediti 20, hata kama kidole kimebonyeza mara moja tu.

Sasa chukua alama ndogo kabisa ya mchezo, ile inayolipa mara 5 ya dau la mstari. Ukiwa umeweka krediti zote 20 kwenye mstari mmoja na alama hizo zikajipanga hapo, unalipwa 100. Huo ni ushindi wa kweli, umeweka 20 umepata 100. Lakini ukiwa umezisambaza krediti hizohizo 20 kwenye mistari 20, alama zilezile zikijipanga kwenye mstari mmoja zinakulipa 5. Umeweka 20, imerudi 5, umepoteza 15. Na mashine inapiga muziki, inamulika ule mstari, na chini ya skrini inaandika `WIN 5`. Neno hilo si uongo kwa mtazamo wa programu, maana mstari mmoja umeshinda kweli. Ile mingine 19 iliyopoteza ndiyo haina wa kuisemea.

Na tukio la namna hiyo si la nadra. Tuseme kila mstari una nafasi 1 kati ya 20 ya kulipa chochote. Anayecheza mstari mmoja atakaa kimya kwenye mizunguko 19 kati ya 20. Anayecheza mistari 20, kama kila mstari ungekuwa unajitegemea, angelipwa kitu fulani kwenye mizunguko 64 kati ya 100. Kiuhalisia mistari inagawana alama zilezile zilizo kwenye skrini, kwa hiyo idadi hiyo hushuka, lakini mwelekeo ni huohuo. Cha kushangaza ni kwamba asilimia ya marejesho, yaani sehemu ya madau ambayo mchezo huwarudishia wachezaji kwa muda mrefu, inaweza kubaki vilevile kwa wachezaji wote wawili. Wanapoteza kwa wastani kiasi kilekile. Mmoja anapoteza kwenye ukimya mrefu unaokatwa mara moja moja na malipo makubwa, mwingine anapoteza kidogo kidogo huku akipigiwa ngoma. Ukiuliza yupi amefurahia jioni yake, huhitaji kusubiri jibu.

Tukichora mfano wa kipindi kimoja, mambo yanaonekana wazi. Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya kuelezea, ila si za ajabu kwa mchezo wenye idadi hiyo ya mistari. Umezungusha mara 100 kwa krediti 20, umetoa jumla ya krediti 2,000. Mizunguko 68 haikurudisha chochote. Mizunguko 20 ilirudisha kitu, lakini chini ya dau, jumla krediti 160. Mizunguko 12 ilirudisha zaidi ya dau, jumla krediti 1,500. Kwa hiyo umerudishiwa 1,660 na umepoteza 340.

Umesikia muziki mara ngapi? Mara 32. Umeshinda mara ngapi? Mara 12. Ile mizunguko 20 ya katikati ilikugharimu krediti 400 ikakurudishia 160. Krediti 240 zimeondoka kwenye salio lako huku mashine ikikupongeza, na kumbukumbu yako imeziandika upande wa faida. Hapo ndipo unapotoka mshangao wako wa jioni. Umehesabu muziki, salio limehesabu krediti.

Hili halikugunduliwa na wachezaji waliokasirika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, akina Mike Dixon na Kevin Harrigan, walichapisha mwaka 2010 utafiti uliolipa jambo hilo jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kulisema hivi, hasara zilizovishwa sura ya ushindi. Waliwapima wachezaji wapya jinsi ngozi ya vidole inavyobadilika kwa jasho dogo lisiloonekana, kipimo cha kawaida cha msisimko wa mwili. Kwenye hasara ya kawaida, isiyorudisha kitu, mwili ulitulia. Kwenye ushindi wa kweli ulisisimka. Na kwenye hasara zilizovishwa sura ya ushindi ulisisimka karibu sawa na kwenye ushindi. Mwili ulifuata sherehe, haukufuata hesabu.

Baadaye kundi hilohilo liliichunguza sauti peke yake. Wachezaji walicheza kipindi kimoja sauti ikiwa imewashwa na kingine ikiwa imezimwa, kisha wakaulizwa wanadhani wameshinda mara ngapi, yaani wamepata zaidi ya walichoweka. Bila sauti walizidisha makadirio kwa asilimia 15 hivi. Kwa sauti, walizidisha kwa asilimia 24. Ona kwamba hata kwenye ukimya kosa halikuisha, kwa sababu mwanga, mistari inayomulikwa na namba inayopanda bado vipo. Sauti inaongeza kosa ambalo picha imeshalianzisha.

Jaribio jingine lao ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu ni rahisi mno. Waliubadilisha mlio. Badala ya wimbo wa furaha, mzunguko uliorudisha chini ya dau uliambatana na mlio mbaya, wa kukosa. Hesabu za mchezo hazikuguswa, malipo yalibaki yaleyale. Wachezaji waliosikia wimbo wa furaha waliendelea kuiita mizunguko hiyo ushindi. Waliosikia mlio mbaya waliitambua kuwa ni hasara. Kama mlio peke yake unaweza kumfanya mtu aone au asione kwamba amepoteza, basi mlio huo ni sehemu kamili ya mchezo, si pambo.

Sauti zenyewe zina ufundi wake. Malipo yanapoingia, mara nyingi namba hairuki moja kwa moja hadi mwisho. Inapanda hatua kwa hatua, na muziki unaendelea kwa muda wote inapopanda. Malipo makubwa hupewa wimbo mrefu, madogo mlio mfupi. Hivyo sikio linajifunza kupima ukubwa wa ushindi kwa urefu wa wimbo, bila kuangalia tarakimu. Tatizo ni kwamba wimbo hupimwa kwa kiasi kilichorudi, si kwa tofauti kati ya kilichorudi na kilichotoka. Malipo ya 15 kwa dau la 20 yanapata wimbo mrefu kuliko malipo ya 3, na sikio linasema hii ilikuwa nzuri kidogo. Zote mbili ni hasara. Hakuna hata mlio mmoja uliotengewa kuondoka kwa krediti 20. Dau linakatwa kimya kimya, pembeni, kabla kolamu hazijaanza kuzunguka.

Uingereza ilichukua hatua kuhusu hili. Tangu tarehe 31 Oktoba 2021, sheria za kiufundi za Tume ya Kamari ya nchi hiyo zinakataza sloti za mtandaoni kupiga sauti au kuonyesha picha za kusherehekea pale malipo yanapokuwa sawa na dau au chini yake. Sheria hizohizo ziliondoa uchezaji wa kujiendesha, ambapo mchezo hujizungusha bila wewe kubonyeza, zikataka kila mzunguko uchukue angalau sekunde 2.5, na zikataka mchezaji aonyeshwe muda aliocheza na kiasi halisi alichopoteza au kupata. Huo ukomo wa sekunde unaonekana mdogo, lakini hata kwa mwendo huo bado inawezekana kuzungusha mara 1,440 kwa saa. Usidhani kwamba mchezo ulioko kwenye simu yako unafuata masharti hayo. Yanahusu wachezaji wa soko lile, na mtengenezaji anaweza kutoa toleo moja kwa soko hilo na jingine kwa kwingine.

Tuje kwenye jakpoti inayokosekana chupuchupu. Hapa nitarudi nyuma kidogo kwenye magurudumu ya chuma, kwa sababu ujanja wenyewe ulizaliwa huko na ukiuelewa hapo, wa kwenye simu hautakusumbua.

Gurudumu la chuma lina nafasi chache za kusimama, kwa kawaida 22, nusu zikiwa na alama na nusu zikiwa tupu. Magurudumu matatu ya namna hiyo yanatoa michanganyiko 10,648, basi. Ukiweka alama moja ya jakpoti kwenye kila gurudumu, jakpoti itatoka mara moja kati ya 10,648, na huwezi kuahidi zawadi kubwa kuliko hesabu hiyo inavyoruhusu. Mwaka 1984 mvumbuzi Inge Telnaes alipata hataza ya Marekani kwa njia ya kutoka kwenye mtego huo. Kompyuta ndani ya mashine inachagua namba kutoka orodha ndefu zaidi, tuseme namba 64, na kila namba imepangiwa nafasi mojawapo kati ya zile 22 za gurudumu unaloliona. Nafasi moja inaweza kupewa namba nyingi, nyingine ikapewa moja tu.

Tuifanyie hesabu. Alama ya jakpoti ipewe namba moja tu kati ya 64. Nafasi tupu iliyo juu yake kabisa ipewe namba 6, na iliyo chini yake ipewe 6. Jakpoti sasa inatoka mara moja kati ya 262,144, nadra karibu mara 25 kuliko gurudumu linavyoonekana kuahidi. Hiyo ni sehemu ya kwanza, na ndiyo iliyowavutia wenye mashine kwa sababu iliwaruhusu kutoa zawadi kubwa. Sehemu ya pili ndiyo unayoiona wewe. Gurudumu likisimama kwenye mojawapo ya zile nafasi tupu mbili, alama ya jakpoti inaonekana dirishani, juu kidogo au chini kidogo ya mstari. Jambo hilo linatokea mara 12 kati ya 64 kwa kila gurudumu. Kwa magurudumu matatu kwa pamoja, ni karibu mizunguko 46 kati ya 100 ambapo angalau alama moja ya jakpoti imesimama kando tu ya mstari. Gurudumu la kweli la nafasi 22, lisilo na ujanja wowote, lingeonyesha hivyo kwenye mizunguko 25 hivi kati ya 100. Kwa maneno mengine, jakpoti imefanywa nadra zaidi na wakati huohuo imefanywa ionekane zaidi. Anayetazama dirisha anaona alama zinapitapita karibu, anadhani zimejaa humo.

Huenda ukauliza kama hilo linaruhusiwa. Kule Nevada, jimbo la Marekani lenye kasino nyingi, swali hilo liliamuliwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na uamuzi wake ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani. Kampuni ya Kijapani ya Universal ilikuwa na mashine ambazo kwanza ziliamua kwamba mzunguko umepotea, kisha zikachagua picha ya hasara ya kukuonyesha, zikipendelea zile zinazofanana na jakpoti iliyokosekana kidogo. Mwaka 1989 Tume ya Michezo ya Kamari ya Nevada ilikataa njia hiyo, kwa sababu picha haikuwa matokeo ya nasibu yenyewe bali iliteuliwa baadaye. Orodha ya namba ya Telnaes ilibaki halali, maana pale namba ya nasibu ndiyo inayoamua gurudumu lisimame wapi, na hakuna kinachobadilishwa baadaye. Mpangilio wa namba ndio ulioelemea upande mmoja, tena tangu kiwandani. Kwa mchezaji aliye mbele ya dirisha, tofauti hiyo ya kisheria haionekani kabisa.

Kwenye sloti ya simu hakuna gurudumu la chuma, kwa hiyo mtengenezaji hahitaji hata kuficha nafasi. Anapanga tu alama kwenye kila kolamu kwa wingi tofauti. Chukua mfano wa alama tatu zinazofungua mizunguko ya bure, yaani mizunguko isiyokatwa dau. Kolamu ya kwanza na ya pili zikiwa na nafasi 1 kati ya 8 ya kuionyesha kila moja, alama mbili za mwanzo zitakuja pamoja mara moja kati ya 64. Kwa mtu anayezungusha haraka, hiyo ni kila baada ya dakika chache. Kolamu ya tatu ikiwa na nafasi 1 kati ya 40, basi kila mara 40 utakapopata mbili za mwanzo, mara 39 ya tatu haitakuja. Umepata mbili na umekosa ya tatu, sawa na ulivyoeleza. Haikuwa bahati mbaya, kolamu ya tatu imenyimwa alama.

Na angalia mchezo unavyofanya alama ya pili inapotua. Kolamu iliyobaki inapunguza mwendo, inazunguka muda mrefu kuliko kawaida, mlio unapanda, pengine fremu inawaka. Matokeo yameshajulikana kwenye programu tangu ulipobonyeza. Zile sekunde za kusubiri hazibadilishi chochote isipokuwa mapigo ya moyo wako. Uchezaji mwingine wote ni wa haraka, hapo peke yake ndipo unapocheleweshwa, na unacheleweshwa mbele ya tukio ambalo mara nyingi litakuwa hasara.

Kwa nini kukosa chupuchupu kunagusa kuliko kukosa kwa mbali? Maelezo yanayonishawishi ni kwamba katika mambo ya ujuzi, kukaribia ni habari njema ya kweli. Mshambuliaji anayegonga mwamba wa goli amelenga vizuri kuliko aliyepaisha juu ya jukwaa, na ana sababu ya kupiga tena. Akili yetu imezoea kusoma ukaribu kwa namna hiyo. Sloti inaonyesha picha ya mwamba pasipokuwa na mpira wala mguu. Alama iliyosimama nafasi moja chini ya mstari haijakaribia kitu chochote, ni namba tofauti kwenye orodha, sawa na namba nyingine yoyote.

Mtafiti Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walichapisha mwaka 2009 utafiti wa kupiga picha za ubongo watu wakicheza mchezo mdogo wa magurudumu mawili. Washiriki walisema kukosa chupuchupu kunawaudhi kuliko kukosa kabisa, na hapohapo wakasema kunawatia hamu zaidi ya kuendelea. Hamu hiyo ilitokea pale mchezaji alipochagua alama mwenyewe, haikutokea pale kompyuta ilipomchagulia. Na sehemu za ubongo zilizochangamka ziliingiliana na zile zinazochangamka mtu anaposhinda. Hapo ndipo kitufe cha kusimamisha kolamu kwa kidole kinapopata kazi yake. Kinakupa hisia kwamba ulikuwa na mkono kwenye matokeo, na mwenye mkono kwenye matokeo anaona kukosa kidogo kama somo la kujirekebisha.

Nisikuzidishie chumvi, lakini. Kwamba kukosa chupuchupu kunamsisimua mtu na kumuudhi kuna ushahidi mzuri. Wachezaji huwahi hata kubonyeza tena haraka zaidi baada yake kuliko baada ya ushindi. Kwamba kunamfanya acheze mizunguko mingi zaidi kwa jumla ni jambo ambalo majaribio hayajakubaliana. Utafiti wa mwaka 2001 ulipata kwamba watu waliendelea zaidi pale ambapo asilimia 30 ya mizunguko ilikuwa ya kukosa chupuchupu kuliko ilipokuwa asilimia 15 au 45, na namba hiyo 30 imekuwa ikirudiwa kama kanuni ya kiwanda. Majaribio ya baadaye yaliyojaribu kuonyesha athari hiyo, mengine hayakuiona. Ndiyo maana nimesema uzito hauko sawa. Ukiniuliza kati ya hayo mawili lipi linalopotosha zaidi hesabu ya mtu kuhusu jioni yake, nitakujibu ni muziki wa hasara, bila kusita.

Unaweza kulipima hili mwenyewe, na kipimo kinahitaji karatasi tu. Usihesabu muziki wala usisome palipoandikwa `WIN`. Soma palipoandikwa `BALANCE`. Andika salio kabla ya kubonyeza, na uliandike tena mzunguko ukiisha na namba zote zikishatulia. Likiwa limepanda, weka alama ya kujumlisha. Likiwa limeshuka, weka ya kutoa, hata kama skrini nzima inamwaga sarafu. Likiwa lilelile, weka sifuri. Kando, weka nukta kila unaposikia mlio wa kusherehekea. Fanya kwa mizunguko hamsini, tena ukipenda uifanye kwenye toleo la majaribio lisilo la fedha au kwenye video ya mtu mwingine anayecheza, kwa sababu sherehe huonekana vizuri zaidi pesa isipokuwa yako. Mwishoni linganisha nukta na alama za kujumlisha. Nukta zikiwa nyingi kuliko alama za kujumlisha, tofauti yake ni idadi ya mara ulizopongezwa kwa kupoteza.

Baada ya hapo badilisha mipangilio, utumie mstari mmoja kwa dau lilelile la jumla, kama mchezo unaruhusu. Michezo mingi ya sasa imefunga idadi ya mistari usiweze kuipunguza, na baada ya kusoma haya nadhani unaona kwa nini. Ikiruhusu, utaona nukta na alama za kujumlisha zinaanza kukaa pamoja, na utaona pia jinsi mchezo uleule unavyogeuka kuwa wa kuchosha.

Kuzima sauti kunasaidia kiasi, kama zile asilimia 15 na 24 zinavyoonyesha, lakini usitegemee hiyo peke yake. Kinachofanya kazi vizuri zaidi ni kuambiwa. Kundi la Waterloo liliwaonyesha wachezaji katuni fupi inayoeleza hasara zilizovishwa sura ya ushindi, na makadirio yao ya mara walizoshinda yalisogea karibu na ukweli. Hawakubadilishiwa mashine, walionyeshwa tu pa kuangalia. Ila elewa mpaka wa jambo hili. Kujua idadi sahihi ya ushindi hakupunguzi hata krediti moja ya faida ya mwenye mchezo. Asilimia ya marejesho inabaki ilivyo, nawe ukizungusha vya kutosha itakufikia, uwe umeziba masikio au hujaziba.

Rafiki yako mwambie afanye kipimo kingine, chake mwenyewe. Kila zikitua alama mbili na ya tatu ikakosa, aandike mzunguko unaofuata ulitoa nini. Kwenye orodha nyingine aandike kilichofuata baada ya mizunguko ya kawaida isiyotoa kitu. Azikusanye mpaka ziwe nyingi, azilinganishe. Kama mashine inaiva, orodha ya kwanza itaizidi ya pili. Asihesabu ile mara moja anayoikumbuka kwamba alikaribia kisha akapata, maana hiyo ameibeba kichwani kwa sababu ilikuja na muziki.